Kipi cha Instagram, kipi cha mumewe: kumwandikia rafiki aliyefariki

*Shikamoo mama. Rafiki yangu alifariki Jumatano ya juzi, akazikwa Tanga kesho yake. Tulikaa chumba kimoja chuoni miaka mitatu. Mimi ni Mkristo, yeye Mwislamu, lakini tulikuwa kama ndugu. Kwa miaka miwili ya ugonjwa mimi ndiye nilimsindikiza hospitali, kwa sababu hakutaka mama yake ajue kuwa ni saratani ya titi. Familia imetangaza kwamba amefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nimeandika maneno marefu ya kuweka Instagram, na picha tisa, na meseji zake za mwisho. Nikitaka kubonyeza mkono unakataa. Wenzetu wa chuo wananiuliza mbona niko kimya. Mumewe sijamwandikia, mama yake pia bado. Kipi niweke hadharani na kipi nimpelekee mtu faraghani? Rasimu yangu nimeiambatanisha.*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Rasimu yako nimeisoma mara mbili, na nadhani nimeona kinachouzuia mkono. Umeandika barua nne ukaziunganisha kuwa moja. Mistari mingine unawaambia wenzenu wa chuo. Mingine unamwambia marehemu mwenyewe. Iko ambayo kwa kweli unamwambia mumewe, na miwili mitatu unajiambia wewe, usiku, ukiwa peke yako. Zote zikiwekwa mahali pamoja, kila msomaji atasoma barua ya mwenzake. Kwa hiyo kazi yetu ni kuzitenganisha, na tutaifanya kwa kushika sentensi moja moja na kuuliza maswali mawili tu: hii namwambia nani, na hii habari ni ya nani?

Nianze na lile tangazo la familia, maana ndilo linaloamua mengi. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Watu wa umri wangu tulilijua hilo kwa masikio, kupitia matangazo ya vifo ya Redio Tanzania: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, kisha unafuata mlolongo wa "habari ziwafikie" mjomba wa Tabora, dada wa Songea, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Mwenye msiba ndiye alikuwa anapanga nani aambiwe na aambiwe nini. Leo yeyote mwenye simu anaweza kutangaza, lakini upangaji wa maneno bado ni wa mwenye msiba. Kwako suala la muda limepita, kwa kuwa mazishi yamefanyika na ndugu wameshajua. Kilichobaki ni yale maneno yao sita, "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Hayo ndiyo mpaka. Chochote utakachoandika hadharani kikae ndani yake.

Sasa chukua mstari wako wa tatu: "Umepigana na saratani miaka miwili kimya kimya, shujaa wangu." Najua umeuandika kwa kumheshimu. Lakini usome kwa masikio ya mama yake. Mama huyo ameambiwa mwanawe aliugua kwa muda mfupi. Kwa mstari mmoja atajua mambo matatu kwa mpigo: kwamba ilikuwa saratani, kwamba ilikuwa miaka miwili, na kwamba mgeni alijua naye hakujua. Kisha atamgeukia mkwewe na kumuuliza kwa nini alifichwa, na atamuuliza mbele ya watu, maana nyumba bado imejaa waliokuja kuhani. Mume aliyekuwa akitunza siri ya mkewe ataonekana mtu aliyeficha ugonjwa. Wewe hutakuwepo kumtetea.

Wapo watakaokwambia kuwa kuutaja ugonjwa kunasaidia wengine wakapime mapema. Ni kweli, na familia nyingi huamua kuutaja, na ikiamua hivyo mambo hubadilika: unaweza kuandika hata kesho. Ila hapa marehemu alikueleza waziwazi matakwa yake akiwa hai. Siri ya ugonjwa haifi na mwenye ugonjwa. Aliikabidhi kwako na kwa mumewe. Kampeni ya afya inaweza kufanywa bila jina lake na bila picha yake.

Kuna upande mmoja wa siri hiyo ambao sitaki uupite haraka, kwa sababu hapa kunyamaza moja kwa moja nako kuna hasara. Ulinieleza kwamba alikuwa na miaka 34 na kwamba ana dada wawili wadogo. Saratani nyingi za titi hazirithiwi. Zinazotokana na kasoro za urithi ni takriban asilimia 5 hadi 10. Lakini mtu anapougua akiwa kijana namna hiyo, madaktari huwa wanataka kujua historia ya ukoo, kwa sababu kuna jeni mbili, BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza sana uwezekano wa ndugu wa damu kuugua pia. Dada zake, na siku moja binti yake, watahitaji kuulizwa na daktari "kuna mtu kwenu aliwahi kuugua saratani ya titi?" na kuwa na jibu la kweli. Hii ni habari ya faragha kabisa, na mtu wa kuiamua ni mumewe. Usiwaandikie dada zake. Wala usimwandikie mumewe sasa. Subiri wiki kadhaa, arobaini ikishapita kama wataisoma, kisha mpigie simu, kwa sauti, maana meseji husomwa na yeyote aliyeshika simu. Mwambie: "Shemeji, lipo jambo la afya ya mashemeji zako wadogo ambalo nadhani marehemu angetaka walijue siku moja. Wewe ndiye utakayeamua lini na vipi." Ukishalisema, umemaliza sehemu yako.

Turudi kwenye rasimu. Mstari wa sita unasema: "Wengi walikutenga ukiwa hoi, leo wanalia kuliko wafiwa." Huu uliuandika kwa hasira, na huenda hasira yenyewe ni ya haki. Mwaka 2013 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Susan Silk, alieleza kwa mchoro jambo ambalo nimelitumia na wafiwa wengi tangu hapo. Chora duara dogo, ndani weka aliyeumizwa zaidi. Lizungushie duara jingine la walio karibu naye, kisha jingine la marafiki, kisha majirani na wafanyakazi wenzake. Faraja ielekezwe ndani. Malalamiko yaelekezwe nje. Katika msiba huu, katikati wapo mume, mtoto na mama. Wewe uko duara la pili, na nafasi hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyokupa, kwa sababu desturi zetu zina mkeka wa mjane na mkeka wa mama lakini hazina mkeka wa rafiki. Una haki ya kulalamika. Lalamika kwa mtu aliye duara la nje yako: dada yako, mchungaji wako, mimi hapa. Instagram haina nje wala ndani. Mstari ule ule utamfikia binamu aliyekosa nauli ya kuja hospitali, na utamfikia mume, ambaye sasa atalazimika kusuluhisha ugomvi juu ya matanga.

Mstari wa tisa ni wa deni: "Na ile laki tatu nimekusamehe mbele ya Mungu." Hapa ulikuwa umekusudia ukarimu, na ukarimu wenyewe ni mkubwa kuliko unavyodhani, ila umeupeleka mahali pabaya. Kwa Waislamu deni la marehemu lina uzito wa pekee. Hulipwa kutoka katika mali aliyoiacha kabla warithi hawajagawana chochote, na ndiyo maana mazishini husikika mtu akitangaza kwamba anayemdai marehemu awaone wafiwa. Njia ya kulisema ipo tayari, na ni ya kwenda kwa wafiwa. Ukimwambia mumewe kwa sentensi moja kwamba ulimdai na umesamehe, utakuwa umewapunguzia mzigo ambao huenda wanautafuta. Ukiliandika hadharani, umewatangazia watu elfu moja na mia mbili kwamba alikufa akidaiwa.

Kuhusu meseji za mwisho, nitakuwa mkali kidogo. Ile picha ya skrini yenye maneno yake, "Nimechoka dada, ukinikuta nimelala usiniamshe," isiwekwe popote. Aliiandika saa nane usiku, baada ya dripu, kwa mtu mmoja. Wewe unaisoma ukijua sauti yake na ukijua kwamba asubuhi yake alikuomba umpelekee supu. Asiyejua hayo atasoma kitu kingine kabisa, na baadhi watafikia kusema kwamba alijitakia kufa. Nimewahi kukaa na mama aliyepelekewa meseji ya aina hiyo na rafiki mwema wa mwanawe. Miezi saba baadaye alikuwa bado anauliza kama kuna aliyemnyima mwanawe dawa. Maneno ya mwisho yana nguvu kuliko ukweli wake: watu huyachukua kama muhtasari wa maisha yote, ilhali kwa kawaida ni maneno ya mtu aliyechoka tu.

Picha nazo. Umechagua tisa, na tatu kati yake ni za chumbani hosteli, nyote mnacheka, yeye akiwa kichwa wazi. Kwako ni picha nzuri kuliko zote. Sina shaka. Lakini rafiki yako alikuwa anajifunika, na mbele yako alijifunua kichwa kwa sababu mlikuwa wanawake wawili mlangoni pamefungwa. Hawezi tena kukwambia "hiyo futa". Zihifadhi, mumewe na binti yake watazifurahia, na wao wanaruhusiwa kuziona. Mbili za kitandani hospitali ziondoe, hata ile anayotabasamu, maana bomba la dripu linaonekana na tarehe inasomeka ukutani: miezi kumi na nne iliyopita, ambayo haiendani na "muda mfupi". Ya kaburi si yako. Aliyekutumia ni kaka yake, alikutumia wewe uliyeshindwa kufika. Ya binti yao, mtoto wa miaka saba, usiiweke bila baba yake kukubali. Zinabaki mbili. Zichukue zote: ile ya mahafali, na ile ya sokoni mkiwa mmebeba mananasi. Hiyo ya mananasi inamweleza kuliko aya zote.

Kilichobaki baada ya kuondoa yote hayo si kidogo. Kuna hadithi ya foleni ya maji, ambayo uliizika katikati ya rasimu kana kwamba haina maana, na kwangu hiyo ndiyo taazia yenyewe. Nimeipanga upya kwa maneno yako, nikiongeza machache:

"Tulikutana mwaka 2011 kwenye foleni ya bomba, hosteli. Mimi nilikuwa na ndoo, yeye hakuwa nayo, akaniambia, 'Wewe shika foleni, mimi nitabeba.' Akabeba kweli, ghorofa tatu, siku hiyo na siku nyingi baadaye. Alikuwa anatusahihishia kazi zetu kwa kalamu ya kijani kwa sababu alisema nyekundu inavunja moyo. Alikuwa anadai kila nanasi tamu linatoka upande wa kwao. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Pole kwa mume wake, mama yake, binti yake na nduguze wote. Mungu amrehemu."

Tazama ilivyokaa. Kila kitu humo ni chako cha kutoa, maana ulikiona kwa macho yako au mlikitenda pamoja. Hakuna mstari ambao mama yake akiusoma atagundua jambo asilolijua, isipokuwa kalamu ya kijani, na hilo ni zawadi. Nimeondoa "R.I.P." nikaweka maneno ambayo watu wake wenyewe huyasema; kama unaona uzito kuyaandika ukiwa Mkristo, "Mungu amrehemu" peke yake inatosha na hakuna atakayekulaumu. Pia nimewataja wafiwa kwa nafasi zao bila majina, na sijamtagi mtu. Usiitagi akaunti yake. Simu yake iko mikononi mwa mumewe, na kila anayemtagi anaifanya ilie.

Kabla ya kubonyeza kuna jambo moja dogo la kiufundi. Unaweza kuandika kwa uangalifu wote huo, kisha mwenzenu mmoja anayejua akaandika chini yake "saratani imetumaliza jamani", na mwingine akauliza "kwani alikuwa anaumwa nini?" Posti ni yako, kwa hiyo maoni yaliyo chini yake utayajibia wewe. Ama ukae na simu siku ya kwanza ukifuta, ama ufunge maoni kabla ya kuposti: kwenye Instagram, ukurasa wa mwisho wa kuandaa posti una mipangilio ya ziada yenye kitufe cha `Turn off commenting`. Mimi ningefunga. Anayetaka kukupa pole ana namba yako.

Sasa mumewe. Meseji yake ni ya kwanza kwa umuhimu, na itangulie posti, hata kwa saa moja, ili asikuone hadharani kabla hujazungumza naye. Mfiwa katika siku hizi anapokea mamia ya "pole" na "tuko pamoja" na "ukihitaji chochote usisite". Hazimuudhi, ila kila moja ni kazi ndogo, kwa sababu inataka jibu. Meseji nzuri humpa mfiwa kitu na haimdai chochote. Kitu ulicho nacho wewe ambacho hakuna mwingine anacho ni zile saa za hospitali ambazo yeye hakuwepo kwa kuwa alikuwa kazini au na mtoto. Wanaume wengi walio katika hali yake huja kwangu na swali hilo hilo: aliumia nikiwa sipo? Andika hivi, au karibu na hivi:

"Shemeji, pole. Usijihangaishe kunijibu. Nataka ujue jambo moja: zile siku za dripu ambazo hukuweza kuja, alikuwa anakutaja. Alikuwa anawaonesha manesi picha ya mtoto na kuwaambia wewe ndiye unayemsuka nywele sasa, na kwamba unasuka vibaya. Alicheka kila mara. Nina picha kadhaa za chuo ambazo ni za kwenu wawili na mtoto tu. Nitazileta zikiwa kwenye memori kadi, wakati wowote utakaponiambia. Kulikuwa na laki tatu baina yetu. Nimeisamehe, isiingie kwenye hesabu zenu. Jumamosi ya wiki ijayo nitapita na mchele na mafuta. Kama si siku nzuri nitamwachia jirani."

Umeona kwamba ugonjwa umo humo bila kutajwa kwa jina. Meseji ya WhatsApp ni faragha mpaka simu iwekwe mezani ikiwa wazi. Neno "dripu" linaweza kusomwa na shangazi bila madhara makubwa. Lile jina lingine haliwezi. Na ahadi ni ya siku, ya kitu na ya njia mbadala, ili asilazimike kupanga.

Mama ni habari nyingine. Umeniambia ana simu ya kawaida na kwamba wajukuu ndio humsomea meseji. Basi kwa mama hakuna ujumbe wa faragha. Chochote utakachomwandikia kitasomwa kwa sauti ya mtoto wa darasa la tano, sebuleni, mbele ya wanawake waliokaa mkekani. Kwa hiyo mpigie. Piga mchana baada ya adhuhuri, jitambulishe kwa chumba mlichoishi, "mimi yule wa hosteli aliyekuwa akimletea mananasi", na mwambie hadithi ya ndoo. Acha azungumze. Na jiandae, kwa sababu anaweza kukuuliza moja kwa moja: "Mwanangu alikuwa anaumwa nini?" Usimdanganye, wala usimfichulie. Sema: "Mama, yeye ndiye alikuwa na haki ya kusema, na baada yake ni mumewe. Naomba umuulize yeye, nami nitakuwepo mkitaka niwepo." Halafu mjulishe mume siku hiyo hiyo kwamba umeulizwa hilo, asikutwe ghafla. Ukipata nafasi ya kwenda Tanga, nenda. Simu ni kitangulizi.

Inabaki ile mistari unayomwambia marehemu mwenyewe. "Nisamehe siku ile sikupokea simu yako." "Nani sasa atanisahihishia." Umefikiria kumwandikia kwenye namba yake, na ninaelewa, watu wengi hufanya hivyo. Lakini kumbuka ni nani mwenye simu sasa: mumewe atasoma usiku wa manane kwamba kuna simu haikupokelewa, naye ataanza kujenga yake. Na baadaye, akaunti ya WhatsApp isipotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na kwenye makundi yenu ya chuo mtaona ameondoka kama mtu aliyechukia. Waonye wenzako mapema, maana siku hiyo huwapiga watu upya. Namba yenyewe ikishafungwa na kampuni inaweza kuuzwa tena, na siku moja kwenye ile anwani ikatokea picha ya kijana usiyemjua. Mistari hiyo iandike kwenye daftari. Ile ya simu uliyoikosa njoo nayo kwangu, kwa sababu hiyo ina mengi nyuma yake.

Wenzenu wa chuo wanaouliza mbona kimya wajibu kwa sentensi moja kwenye kundi: "Nilikuwa naanza na nyumbani kwao. Nitaandika." Usieleze zaidi. Kupima huzuni ya mtu kwa saa aliyoposti ni tabia tuliyoizua juzi tu, na sioni kwa nini uitii.

Kuna kitu kimoja usichokitaja kwenye swali ila kimo kwenye rasimu: ule ujumbe wa sauti wa dakika nne, anaimba akikosea maneno, mtoto anacheka nyuma. Huo hauendi Instagram, na kwa mume usiutume bila kumuuliza kwanza kama yuko tayari kusikia sauti. Wengine huitaka siku ya tatu, wengine baada ya mwaka. Ila ni wa binti yake. Fungua mazungumzo yenu sasa hivi utazame kama mliwasha meseji zinazojifuta. Kama ziliwashwa, ujumbe huo una siku zake. Kisha ingia kwenye menyu ya mazungumzo hayo, chagua `Export chat`, halafu `Include media`, utume nakala kwenye barua pepe yako, na nyingine uiweke kwenye kadi ile utakayompelekea shemeji. Menyu hiyo haichukui picha na sauti zote kama mazungumzo ni marefu, kwa hiyo ule wa dakika nne uushike kwa kidole, uutume peke yake, kisha uusikilize huko ulikoutuma mpaka mwisho, uhakikishe mtoto anasikika.